Kuaga kata yako: mwongozo kwa askari aliyepata uhamisho

Mara yangu ya kwanza kuhamishwa niliondoka bila kuaga. Barua ilifika Jumatatu, gari la kwenda mkoani lilikuwapo Jumatano. Nikafunga godoro na sanduku, nikampungia mkono muuza chai aliye jirani na kituo, basi. Mwaka mmoja baadaye nilirudi wilaya ile kutoa ushahidi mahakamani, na nje ya kituo nikamkuta mama mtu mzima ninayemfahamu. Alifungua pindo la khanga yake akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Kilikuwa na namba ya RB niliyomwandikia mimi mwenyewe, ya mbuzi wake watatu walioibwa usiku. "Baba, nilikuwa nakusubiri," akaniambia.

Kila alipofika kituoni alimuulizia yule askari mrefu. Akiambiwa amehama, alishukuru akarudi nyumbani. Hakuuliza jalada lake liko kwa nani, kwa sababu hakujua kwamba kuna jalada. Alichokijua ni mimi.

Tangu siku hiyo nimeagwa mara tatu nyingine, na nimewaaga wenzangu wengi. Nimejifunza kwamba askari akikaa kata moja miaka mitatu, watu huacha kuona ofisi wakamwona yeye. Shida zao zina sura yake, zina namba yake ya simu. Kazi ya kuaga ni kuzitoa shida hizo kwako na kuziweka mikononi mwa anayekuja, mbele ya macho ya wenyewe, kabla hujapanda gari. Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria Mkaguzi Kata wa Tanzania, askari anayeishi na wananchi wa kata moja. Mtendaji wa kata, bwana shamba au afisa wa misitu naye ataona yanayomhusu.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Mkaguzi yuko katika kata ya wakulima na wafugaji wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Kata ina vijiji vinne. Amepata barua ya kuhamia Newala, mkoani Mtwara, na amepewa siku 14 kuripoti.

Siku mbili za kwanza: nyamaza, andika

Ukishapokea barua, wa kwanza kuzungumza naye ni mkuu wako wa kazi, yaani Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ambaye wote tunamwita OCD. Muulize mambo mawili: nani anashika kata yako, na lini atafika. Kabla ya kupata majibu hayo usimwambie mwananchi yeyote, hata rafiki. Habari ya askari kuondoka bila jina la anayekuja huwafurahisha watu wa aina moja tu. Mwizi wa ng'ombe akisikia kata itakaa wiki tatu bila mkaguzi, atapanga kazi yake ndani ya wiki hizo.

Siku hizo mbili chukua daftari jipya, ligawe sehemu nne. Hili ni lako na mrithi wako, na halichukui nafasi ya taarifa rasmi ya makabidhiano utakayotia saini ofisini. Taarifa rasmi itataja silaha, sare, samani na majalada. Daftari litataja watu.

Sehemu ya kwanza ni kesi. Andika kila shauri ambalo mwananchi anakutegemea wewe kumpa majibu: namba ya RB au ya jalada, limefikia wapi, mpelelezi ni nani, na mlalamikaji anapatikana wapi. Kama kuna kielelezo ulichokikamata wewe, baiskeli, simu au panga, nenda ukakione kwa macho. Hakikisha kimo kwenye rejista ya vielelezo, kina lebo yenye namba ya kesi, na anayekipokea ametia saini na tarehe. Pengo hapo huua kesi. Wakili wa utetezi atauliza kielelezo kilikuwa mikononi mwa nani kati ya tarehe hii na ile, na kama karatasi haijibu, wewe huko Newala hutaweza kujibu. Kumbuka pia kwamba uhamisho haukutoi kwenye ushahidi. Mahakama ikikuhitaji, samansi itakufuata kupitia kwa mkuu wako mpya, nawe utapaswa kwenda.

Sehemu ya pili ni makubaliano, yale mambo yaliyomalizwa kwa mazungumzo chini ya mwembe lakini bado yana tarehe mbele. Haya ndiyo yanayosahaulika kuliko yote, nami nitayarudia.

Sehemu ya tatu ni ahadi. Ulimwambia mwalimu mkuu utakuja kuzungumza na wanafunzi kuhusu ukatili. Ulimwambia mwenyekiti wa kitongoji utawaombea vijana wa ulinzi shirikishi tochi na viakisi mwanga. Ahadi ni deni. Andika ipi unaweza kuitimiza ndani ya siku 12 zilizobaki, ipi unamwachia mrithi, na ipi utakwenda kusema wazi kwamba imeshindikana. Hiyo ya mwisho ni ngumu kutamka, ila mtu akiambiwa ukweli na aliyemwahidi hataenda kumsumbua mgeni kwa deni asilolijua.

Sehemu ya nne usiiandike kwa majina. Ni watu wanaokupa taarifa kwa siri, na watoto au kina mama ambao mashauri yao yamepita Dawati la Jinsia na Watoto. Nitaeleza namna ya kuwashughulikia.

Fidia ya mahindi: mfano wa makubaliano yanayobaki

Katika kata yetu ya mfano, mwezi wa nne ng'ombe waliingia shamba la mjane mmoja na kula mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba, ekari mbili. Bwana shamba alikwenda akapima hasara. Mfugaji hakukataa. Wakakaa pamoja na mtendaji wa kijiji, mzee wa wakulima na laigwanani wa wafugaji, wakakubaliana shilingi 900,000 zilipwe kwa awamu tatu za shilingi 300,000. Awamu mbili zimelipwa. Ya tatu inaangukia wiki moja baada ya mkaguzi kuondoka.

Karatasi ya makubaliano iko kwenye droo ya mkaguzi. Fikiria akiondoka nayo, au akiiacha humo bila kumwambia mtu. Mfugaji atafika na fedha, atakuta askari mpya asiyejua lolote, atarudi nazo nyumbani. Mjane atasubiri. Baada ya wiki mbili atasikika mtu kisimani akisema askari yule alikula hela ya mjane ndiyo maana kahama. Hakuna atakayeweza kulikanusha, na katika kata ya namna hii maneno hayaishii kisimani. Vijana wa upande mmoja watataka kulipiza kwenye zizi, na wa upande wa pili watajibu.

Dawa yake inachukua saa moja. Mkaguzi awaite wote waliokuwapo siku ya kwanza, pamoja na mrithi wake kama amefika, wakae ofisi ya kijiji. Asome karatasi kwa sauti. Amuulize mjane: umepokea kiasi gani? Amuulize mfugaji: umebakiza kiasi gani? Wakisema hesabu moja, waiandike chini ya karatasi ile ile, watie saini au dole gumba. Nakala moja abaki nayo mjane, moja mfugaji, moja iingie faili la mtendaji wa kijiji. Aseme pia awamu ya tatu italipwa wapi: mkononi mwa mjane, mbele ya mtendaji, kwa maandishi. Fedha ya fidia isipite mkononi mwa askari hata siku moja, na kama ilikuwa inapita kwako, huu ndio wakati wa kuikomesha.

Wakitofautiana hesabu, umepona kwa kujua ukiwa bado upo. Litatue hapo hapo, au likishindikana waelekezwe ngazi inayofuata nawe uwe shahidi wa yaliyosemwa.

Kuaga nyumba kwa nyumba

Mkutano wa hadhara ni wa wote, lakini wapo watu ambao wakisikia habari yako mkutanoni kwa mara ya kwanza watajiona wamedharauliwa. Waage kwanza nyumbani kwao. Anza na diwani na mtendaji wa kata, kisha wenyeviti wa vijiji, kisha wazee na viongozi wa dini.

Katika kata yenye pande mbili zinazotazamana, mpangilio wa ziara ni ujumbe wenyewe. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani humo Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Watu wa huko hawajasahau, na kila hatua ya askari husomwa kwa jicho hilo. Ukila chakula cha jioni kwa mzee wa wakulima Jumamosi, kisha laigwanani ukamwaga kwa simu Jumatatu, umeshasema ulikuwa wa nani. Waage siku moja, mmoja asubuhi na mwingine mchana, ukae muda ule ule, unywe kilichopo kwa kila mmoja: uji huku, maziwa kule. Ukiweza, mchukue mrithi wako kwenye ziara zote mbili. Usimsifu kupita kiasi. Sema tu, "Mzee, huyu ndiye mwenzangu. Nilikuwa nakuja kwako kuuliza, na yeye atakuja kuuliza. Naomba umpokee kama ulivyonipokea."

Pita pia kwa uliowakosea. Kuna kijana ulimkamata kwa kumfananisha, akalala mahabusu, kesho yake ikajulikana si yeye. Kuna mama ulimjibu kwa ukali mbele ya watu. Hawa wasisubiri ile sentensi ya jumla ya mkutanoni. Nenda nyumbani, kaa kwenye mkeka, sema ulichofanya kwa jina lake na uombe radhi. Mipaka ni miwili. Jambo lililoko mahakamani usilizungumze. Na mtu mwenye lalamiko rasmi dhidi yako usimwombe alifute. Mwambie wazi kwamba anaweza kulipeleka kwa OCD, na kuondoka kwako hakulifuti.

Sasa wale wa sehemu ya nne. Mtoa taarifa alikuamini wewe, hakuiamini ofisi, na siri yake si mali unayoweza kumkabidhi mtu bila idhini yake. Kutana naye peke yake, kwa njia ile ile mliyozoea kukutana, umuulize kama anapenda umuunganishe na mwenzako. Akikubali, muunganishe wakiwa wawili tu. Akikataa, mpe njia nyingine ya kupeleka taarifa akiona jambo, kama namba ya polisi ya dharura, 112, kisha mwache apumzike. Kwa mtoto au mama aliyepita Dawati la Jinsia, hakikisha anamjua kwa sura ofisa wa dawati anayebaki na shauri lake, na anajua kwamba namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Kuomba nafasi ya mkutano

Usiitishe mkutano wa kujiaga. Kwa sheria ya serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, hukutana walau kila miezi mitatu, na unaongozwa na mwenyekiti wa kijiji. Wewe unaomba nafasi. Kama mkutano umeangukia ndani ya siku zako, muombe mwenyekiti dakika kumi katikati ya ajenda, kabla ya taarifa ya mapato na matumizi. Usikubali kuwekwa kwenye mengineyo, kwa sababu hapo jua limeshakuwa kali, kina mama wameanza kuondoka kwenda kupika, na utaaga viti.

Vijiji vinne hutavimaliza. Chagua kijiji kilicho katikati au chenye mgogoro mkubwa, na vingine uviage kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na wenyeviti wa vijiji vyote hukaa. Wao watafikisha. Muombe mtendaji tangazo lisiseme "sherehe", liseme "kuaga na kumtambulisha Mkaguzi Kata mpya". Neno sherehe huanzisha michango, na michango nitaisema punde.

Maneno ya kusema

Dakika saba zinatosha. Vaa sare safi, simama kwenye usawa wa watu, na usisome karatasi isipokuwa pale penye majina ya ofisi na namba. Hotuba ina mambo matano, kwa mpangilio huu: salamu na habari yenyewe, tulichofanya pamoja, radhi, yanayobaki na aliyeyashika, kisha kwaheri. Hii hapa ya mkaguzi wetu wa mfano.

"Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa kijiji, mheshimiwa diwani, viongozi wa dini, laigwanani, kina mama, vijana, nawasalimu nyote. Nimepata uhamisho. Kuanzia Jumatatu ijayo nitafanya kazi Newala, Mtwara. Ni uhamisho wa kawaida wa kazi. Nimeupokea na ninakwenda.

"Nimekaa hapa miaka mitatu na miezi miwili. Nilipokuja, ng'ombe akiingia shambani habari ya kwanza ilikuwa mikuki. Mwaka huu ng'ombe wameingia mashambani mara tano tunazozijua, na mara zote tano watu walikaa wakazungumza. Hilo mmelifanya ninyi. Vijana wa ulinzi shirikishi walilala macho, na wazee wa pande zote waliniambia ukweli hata pale ulipokuwa unawauma watoto wao. Asanteni.

"Katika kazi hii nimemkamata mtu, nimemkataza mtu, nimemkemea mtu. Nilipokosea, naomba radhi. Kama nimekukosea na sikufika kwako, nitakuwa ofisi ya kijiji kesho kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita. Na kama unaona jambo langu linahitaji kufika kwa wakubwa wangu, mlango wa OCD uko wazi, nami sitakuwa na kinyongo.

"Sasa sikilizeni hili vizuri. Mimi ninaondoka, kesi zenu haziondoki. Kila mwenye RB, namba yake ni ile ile, na jalada lake liko kituoni. Ukifika usimuulize mkaguzi aliyehama. Toa karatasi yako, useme: nimekuja kujua shauri langu limefika wapi. Aliyepoteza karatasi aje kesho tuitafute namba pamoja. Waliokubaliana fidia, karatasi zenu ziko kwa mtendaji wa kijiji, mmeziona na mmesaini.

"Huyu aliyesimama kulia kwangu ndiye Mkaguzi wenu. Namba yake mtendaji ameibandika ukutani leo, na yangu imeondolewa. Atakuwa na njia zake za kufanya kazi, na msimwambie kila siku kwamba yule wa zamani alifanya hivi. Mpeni ukweli kama mlivyonipa mimi.

"Nimekuja hapa sina ndugu, naondoka ninao. Tukijaliwa uhai tutaonana. Kwaherini."

Angalia yasiyomo. Hakutaja mtu aliyemfungulia kesi, wala mtoa taarifa hata kwa kumzungukia. Ukisema "namshukuru kijana mmoja pale nyuma, mwenyewe anajijua", vichwa vyote vitageuka nyuma, na usiku huo huo watu watahesabu nani alikuwa amekaa pale. Hakutaja chama wala kumsifu diwani kwa namna ya kampeni. Hakusema kwa nini amehamishwa, na hakulalamika juu ya nyumba mbovu au pikipiki isiyo na mafuta. Malalamiko hayo yana ngazi yake, na mkutanoni hugeuka kuwa maneno ya wananchi dhidi ya serikali yaliyoanzishwa na askari. Pia hakutangaza ushindi. Akisema "nimekomesha wizi wa mifugo", ng'ombe wa kwanza kuibwa wiki ijayo atakuwa mzigo wa mwenzake. Alitaja hesabu ambayo kila aliyekaa pale anaijua.

Wakisema hatutaki uondoke

Hili hutokea, hasa ulipofanya kazi vizuri. Mzee atasimama aseme waandike barua kwa Mkuu wa Wilaya. Vijana watapiga makofi. Siku ya safari wengine wanaweza kusimama mbele ya gari. Moyo wako utafurahi, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, kwa sababu mrithi wako amesimama pembeni anasikia akikataliwa kabla hajasema neno.

Jibu mara moja, kwa upole na bila kuacha mlango wazi. "Mzee wangu, nimesikia na nimeheshimika. Lakini mimi ni askari, nikiitwa naenda. Na aliyenileta hapa ndiye aliyemleta huyu. Mkimkataa yeye, mnanikataa na mimi." Kisha mpe mrithi nafasi azungumze papo hapo, dakika mbili tu. Usimalize wewe. Sauti ya mwisho watakayoondoka nayo iwe ya anayebaki.

Zawadi na michango

Watu wa kwetu hawajui kumuaga mtu mikono mitupu, na kuikataa heshima yao vibaya ni tusi. Lakini askari anayepokea bahasha siku ya kuaga amewapa watu sababu ya kuhesabu upya kila alichowafanyia. Mfanyabiashara aliyechanga laki mbili, je, kesi ya mwanawe ilifutwa bure? Kanuni za maadili ya utumishi wa umma zinamkataza mtumishi kuomba au kupokea zawadi inayoweza kugusa uamuzi wake, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiondoki kwa sababu umehama. Anayeombwa mchango kwa nguvu kwa jina lako anaweza kupiga 113, namba ya TAKUKURU, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo zungumza na mtendaji na wenyeviti mapema, kabla daftari la michango halijaanza kuzunguka madukani: fedha taslimu, hapana, kutoka kwa yeyote. Chakula, ndiyo, kama kinaliwa na wote. Wafugaji wakileta mbuzi, sema, "Huyu tumchinje hapa tule pamoja na jirani zetu wakulima," nao wakulima walete unga. Zawadi inaisha mchana huo huo, na watu wa pande mbili wamekula sinia moja. Wazee wakikuvisha shuka au kukupa fimbo, pokea kwa mikono miwili mbele ya wote, kisha ukifika kituoni iandikie barua fupi kwa mkuu wako: nimepewa nini, na nani, lini, katika hafla gani. Akisema ibaki ofisini, iache. Mwenye kesi inayoendelea asikupe chochote, hata yai. Mwambie, "Ndugu yangu, nia yako nimeipokea, zawadi rudi nayo, kwa sababu shauri lako bado linaendelea na nisingependa lichafuke."

Upande wako nawe, lipa madeni. Dukani, kwa mama wa chakula, kwa mwenye nyumba, kwa fundi wa pikipiki. Pita kwa kila mmoja ukiwa na daftari lake la mkopo mbele yako, ulipe, umwone akikata mstari. Deni la shilingi elfu saba la askari huishi kijijini kuliko mema yake ya miaka mitatu.

Simu

Namba yako imeandikwa ukutani ofisi ya kijiji, kwenye mlango wa zahanati, shuleni, mnadani, na katika simu za mamia ya watu. Zungukia kuta zote na mtendaji, mbandue ya zamani, mbandike mpya. Katika kundi la WhatsApp la usalama wa kata, mwingize mrithi, mfanye msimamizi, aga kwa sentensi mbili, utoke. Kukaa humo kimya "kwa kufuatilia" kutawafanya watu waendelee kukuandikia wewe.

Kwa miezi mitatu ya kwanza watakupigia. Usizime na usitatue. Pokea, sikiliza sentensi ya kwanza, kisha sema, "Mpigie Mkaguzi wenu, namba hii hapa," uitume. Kama mtu yuko hatarini, mwambie apige 112, nawe mpigie mwenzako mwenyewe mara moja. Akikupigia mtu kumsema mrithi wako, usimuunge mkono hata kwa kuguna. Mrithi mwenyewe akikupigia kuuliza, mpe kila unachokijua.

Asubuhi ya mwisho

Usiondoke alfajiri kama anayetoroka. Mkaguzi wetu wa mfano apakie mizigo mchana, pikipiki na funguo avikabidhi kwa saini, kisha apite mara ya mwisho ofisi ya kijiji. Mkabidhi mrithi lile daftari la sehemu tatu, mkilisoma pamoja ukurasa kwa ukurasa. Ile sehemu ya nne iko vichwani mwa waliokubali kuunganishwa.

Kisha fanya jaribio dogo. Muulize mtu wa kwanza utakayemkuta pale, mama anayeuza mandazi au kijana wa bodaboda: "Usiku wa leo ukiibiwa, utamwita nani?" Akitaja jina lako, kuaga kwako hakujakamilika. Mshike mkono, mpeleke hadi ukutani, msome namba pamoja. Akitaja jina la mwenzako, panda gari.